Leseni ya Udereva Ikipotea: Taarifa ya Polisi na Tamko la Mwombaji

Katika Tanzania Bara, leseni ya udereva hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, baada ya Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, kumhakiki dereva. Kwa sababu hiyo, anayepoteza kadi yake hujikuta akihusiana na ofisi mbili kwa jambo moja. Polisi hupokea habari ya kupotea kwa kadi. TRA hupokea ombi la kadi nyingine. Kati ya ofisi hizo mbili kuna karatasi mbili ambazo waombaji wengi huzijaza kwa haraka, wakidhani kwamba zote zinasema kitu kilekile: taarifa ya upotevu inayotoka polisi, na tamko ambalo mwombaji hulitia saini mwenyewe.

Karatasi hizo hazisemi kitu kimoja. Taarifa ya polisi inaeleza kwamba mtu fulani, siku fulani, alifika au aliingia katika mtandao akasema kwamba kitu fulani kimepotea. Haisemi kwamba kitu hicho kimepotea kweli, kwa kuwa askari hakuwapo kilipopotea. Tamko ndilo linalobeba ukweli wenyewe, na anayelibeba ni mwombaji. Tofauti hii ikieleweka, maswali ya fomu huwa mepesi, na sababu za ofisi kukataa ombi moja na kulipitisha jingine huacha kuwa fumbo.

Je, imepotea?

Kabla ya kalamu kugusa karatasi kuna swali ambalo tunaona linarukwa mara kwa mara. Neno "imepotea" lina maana finyu zaidi kuliko tunavyolitumia mitaani. Leseni imepotea pale ambapo mwenyewe hajui iliko, na hakuna mtu mwingine anayemfahamu ambaye anaishikilia. Leseni ambayo mwenyewe anajua iko mikononi mwa nani haijapotea, hata kama hawezi kuipata.

Mfano wa kwanza ni leseni iliyoibwa. Kijana aliyechomolewa pochi kituo cha daladala hakupoteza, ameibiwa. Wizi ni jinai, na habari yake hupelekwa kituoni ili ifunguliwe rekodi ya tukio na mlalamikaji apewe namba ya RB. Mtu akiona foleni ya jinai ni ndefu, akaamua kusema tu kwamba pochi ilidondoka, amepata karatasi haraka lakini amejinyima kitu kikubwa: kumbukumbu inayoonyesha kwamba tangu saa ile kadi yake iko mikononi mwa mhalifu. Kadi hiyo ikija kutumiwa kukodi gari au kujitambulisha mahali, maelezo ya "ilidondoka" hayatamfaa sana.

Mfano wa pili ni leseni iliyoharibika. Kadi iliyovunjika vipande viwili au iliyofutika picha ipelekwe kama ilivyo. Vipande vyenyewe ndivyo ushahidi. Hakuna sababu ya kuvitupa na kwenda polisi kudai upotevu.

Mfano wa tatu ndio mgumu, na ndio unaowatia watu matatani. Dereva wa kuajiriwa amegombana na mwenye gari. Mwenye gari amekatalia leseni kwenye droo hadi "hesabu" ya wiki mbili ilipwe. Au leseni iliwekwa rehani kwa mkopo mdogo. Au imeshikiliwa kutokana na kosa la barabarani ambalo halijamalizika. Mtu wa pembeni humshauri: "Nenda kasema imepotea, utapewa nyingine." Ushauri huo ni wa hatari. Kumpa mtumishi wa umma habari ambayo unajua ni ya uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mwenye gari aliye na kadi ya kwanza mfukoni ndiye shahidi aliye tayari. Kwa leseni iliyozuiwa kwa amri ya mahakama hali ni nzito zaidi, kwa kuwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaipa mahakama uwezo wa kumwondolea dereva haki ya kuwa na leseni, na kadi mpya iliyopatikana kwa maneno ya uongo haiirudishi haki hiyo.

Dereva ambaye leseni yake imeshikwa na mwajiri adai kwa maandishi, abaki na nakala ya barua, kisha apeleke lalamiko kituo cha polisi au kwa afisa kazi wa wilaya akilieleza kama lilivyo. Njia hiyo huchukua siku nyingi kuliko ya uongo. Hata hivyo ndiyo pekee inayomwacha akiwa mlalamikaji badala ya mshtakiwa.

Taarifa ya upotevu inataka nini

Taarifa ya upotevu wa mali hupatikana kituo cha polisi, na pia kupitia mfumo wa Jeshi la Polisi mtandaoni, katika anwani lormis.tpf.go.tz. Anayetumia mtandao hujaza maelezo yake, hupewa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, hulipia kwa simu au benki, kisha hupata taarifa yake. Ada ni ile inayoonekana pamoja na namba hiyo. Anayelipia kwa mkono wa mtu bila kuona namba ya malipo hana njia ya kujua kama fedha imefika Serikalini.

Maelezo yanayotakiwa yako katika mafungu matatu. Kwanza ni nani anayetoa taarifa: jina kamili, namba ya kitambulisho, makazi na simu. Pili ni kitu gani kimepotea: aina yake, namba yake, na jina lililoandikwa juu yake. Tatu ni lini na wapi. Askari wa kituoni huongeza kwa upande wake jina la kituo, namba ya kumbukumbu, tarehe, jina na cheo chake, sahihi na mhuri. Kabla hujaondoka dirishani, hakikisha kwamba namba ya kumbukumbu ipo na inasomeka, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kuitafuta taarifa hiyo baadaye.

Fungu la pili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu namba ya leseni imo katika kadi iliyopotea. Tunashauri isiandikwe kwa kukisia. Namba hiyo inaweza kupatikana katika nakala iliyobaki kwa mwajiri, katika karatasi ya faini ya zamani ya barabarani, au katika kumbukumbu za TRA zilizounganishwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ambayo ina tarakimu tisa. Mwenye TIN yake anaweza kuulizia ofisi ya TRA kwanza, ndipo aende polisi. Safari moja ya ziada mwanzoni huokoa mbili za mwishoni, kwani taarifa yenye namba ya kubuni huonyesha kwamba kilichopotea ni leseni ya mtu mwingine au leseni isiyokuwapo.

Fungu la tatu linataka ukweli, na ukweli wa jambo lililopotea mara nyingi una tundu katikati. Mtu anajua alipoiona leseni kwa mara ya mwisho. Anajua alipogundua haipo. Kati ya hapo hajui. Wapo wanaohisi kwamba kukiri kutojua kutaifanya taarifa ionekane dhaifu, hivyo huchagua mahali pamoja na saa moja na kuapia hapo. Kinyume chake ndicho sahihi. Taarifa inayosema "niliiona mara ya mwisho mahali hapa, nikagundua haipo mahali pale" ni imara, kwa sababu kila nusu yake inaweza kusimama peke yake.

Mfano: dereva wa Fuso

Tuchukue mfano tuliouunda kwa ajili ya somo hili. Dereva wa Fuso anapakia nyanya Morogoro siku ya Alhamisi tarehe 12, akiwa na utingo wake. Saa 2 usiku anasimamishwa na askari wa barabarani karibu na Chalinze, anatoa leseni, inakaguliwa, anarudishiwa na kuendelea na safari. Anafika Dar es Salaam usiku wa manane, anashusha mzigo, analala garini. Ijumaa hana kazi. Jumamosi tarehe 14, saa 3 asubuhi, anataka kuondoka na anagundua kwamba pochi haipo. Ndani ya pochi kulikuwa na leseni, kitambulisho cha Taifa na kadi ya benki.

Anakwenda kituo cha polisi. "Afande, nimepoteza leseni." Anaulizwa ilipotelea wapi, anajibu "hapa Dar." Anaulizwa lini, anajibu "leo." Maneno mawili hayo yanaandikwa, na taarifa inasema kwamba leseni ilipotea Dar es Salaam tarehe 14. Kesho yake, katika tamko, anaandika kwa utulivu zaidi kwamba huenda pochi ilidondoka Chalinze tarehe 12. Dereva huyu hakusema uongo popote. Hata hivyo mbele ya afisa wa TRA ziko karatasi mbili, zenye saini ya mtu mmoja, zenye miji miwili na tarehe mbili. Afisa hana njia ya kujua ipi ni sahihi, na kazi yake si kukisia. Atamrudisha polisi.

Katika mfano huo kuna mtego mwingine ambao ni wa kwetu hasa. Dereva anasema "saa mbili usiku." Mwandishi wa taarifa, au mfumo wa kompyuta, unataka saa ya tarakimu 24. Ikiandikwa 02:00, tukio limehamia saa nane za usiku, wakati ambapo kwa maelezo yake mwenyewe dereva alikuwa Dar es Salaam akishusha nyanya. Iliyo sahihi ni 20:00. Vivyo hivyo saa 3 asubuhi ni 09:00, wala si 03:00. Soma saa iliyoandikwa kabla ya kuondoka. Kosa hili husahihishwa kwa dakika moja likionekana dirishani, na kwa safari nzima likionekana ofisi nyingine.

Haya ndiyo maelezo ambayo dereva wetu angepaswa kuyatoa:

"Mara ya mwisho niliiona leseni yangu Alhamisi tarehe 12, saa 2 usiku (20:00), karibu na Chalinze, nilipoionyesha kwa askari wa usalama barabarani na kurudishiwa. Niligundua haipo Jumamosi tarehe 14, saa 3 asubuhi (09:00), nikiwa Dar es Salaam. Sijui ilipopotelea kati ya sehemu hizo mbili. Ilikuwa ndani ya pochi pamoja na kitambulisho cha Taifa na kadi ya benki, navyo pia vimepotea."

Sentensi ya mwisho ina uzito wake. Vitu vilivyopotea pamoja vitajwe pamoja, kila kimoja na namba yake pale inapojulikana. Anayetaja leseni peke yake leo, kisha wiki ijayo arudi kuripoti kitambulisho, atakuwa na taarifa mbili za pochi moja, na ataulizwa kwa nini.

Taarifa hii, ikiisha kutolewa, haigeuki kuwa leseni. Sheria inamtaka dereva aonyeshe leseni anapodaiwa na askari. Karatasi ya upotevu inaonyesha kwamba ameripoti, nayo inaweza kumsaidia katika maelezo yake, lakini haimpi ruhusa ya kuendesha kwa miezi huku ombi la kadi likisubiri. Ombi lipelekwe mapema, taarifa ikiwa bado mbichi.

Sehemu ya tamko

Fomu ya maombi huishia na sehemu ambayo mwombaji anatamka kwamba maelezo aliyotoa ni ya kweli, kisha anasaini na kuweka tarehe. Kwa kuwa iko mwisho na maandishi yake ni madogo, husainiwa bila kusomwa. Tunaomba isomwe kwanza, kwa sababu saini ya hapo inafunika kila kitu kilicho juu yake: jina, tarehe ya kuzaliwa, madaraja ya leseni na sababu ya ombi.

Tamko zuri kuhusu leseni iliyopotea linajibu maswali manne. Mimi ni nani, na leseni ni ipi? Ilipoteaje kwa kadiri ninavyojua? Je, inashikiliwa na mtu, ofisi au mahakama yoyote? Nitafanya nini ikionekana? Fomu inaweza kuwa na nafasi finyu kuliko majibu haya. Hapo mwombaji anaweza kuandika maelezo katika karatasi tofauti, akaisaini na kuiambatisha. Kwa dereva wetu wa Fuso maneno yangekuwa hivi:

"Mimi, mwenye majina na namba ya kitambulisho iliyotajwa hapo juu, natamka kwamba ni mmiliki wa leseni ya udereva yenye namba iliyotajwa. Leseni hiyo imepotea katika mazingira niliyoyaeleza katika taarifa ya polisi niliyoiambatisha. Nimeitafuta ndani ya gari na mahali nilipolala bila kuipata. Haijashikiliwa na mtu yeyote, haijawekwa dhamana, wala haijazuiwa na polisi au mahakama. Ikionekana baada ya kupewa nyingine, nitaipeleka ofisi iliyoitoa."

Sentensi ya nne ndiyo kiini cha tamko lote. Ni sentensi ambayo dereva wa mfano wetu wa awali, yule ambaye leseni yake iko kwenye droo ya mwenye gari, hawezi kuitamka. Ikiwa unafika hapo na mkono unasita, rudi kwenye swali la mwanzo.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni kutenganisha unachokijua mwenyewe na ulichoambiwa. Tuseme utingo alimwambia dereva kwamba aliona kitu kikidondoka mlangoni walipokuwa Chalinze. Dereva asiandike "leseni yangu ilidondoka Chalinze." Yeye hakuiona ikidondoka. Aandike kwamba utingo wake, akimtaja kwa jina, alimweleza kuwa aliona kitu kikidondoka, naye anaamini huenda ndiyo pochi. Hii si ukaidi wa wanasheria. Siku ambayo pochi itaokotwa Ubungo, aliyeandika sentensi ya kwanza atakuwa ametamka jambo ambalo halikutokea. Aliyeandika ya pili atabaki mkweli.

Pale hati ya kiapo inapotakiwa

Maelezo yakiwa na utata, hasa wa majina, ofisi inaweza kumtaka mwombaji alete hati ya kiapo. Hii ni hatua juu ya tamko la kawaida, kwa kuwa hufanywa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha, kama vile wakili aliye kamishna wa viapo au hakimu. Mkristo kwa desturi huapa. Mwislamu na Mhindu huthibitisha. Nguvu ya maneno ni moja.

Nje ya ofisi nyingi za umma wapo watu wenye meza, kompyuta na hati zilizokwisha kugongwa mhuri, zikisubiri jina tu. Huitwa vishoka, na bei yao huvutia. Hati ya namna hiyo ina kasoro ambayo haiponi: mwapaji hakuwahi kufika mbele ya aliyegonga mhuri. Sheria ya Notari na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipotolewa. Maneno hayo huwa chini kabisa ya hati, katika sehemu ya uthibitisho wa kiapo, na hapo ndipo pa kutazama.

Msomaji asiye mwanasheria anaweza kuikagua sehemu hiyo mwenyewe. Je, jina la kamishna limeandikwa, au kuna mhuri mtupu? Je, mji umetajwa, na ndio mji uliokuwamo siku hiyo? Je, tarehe ni ya siku uliyosaini? Je, inasema kamishna anakufahamu binafsi, au kwamba umetambulishwa kwake na mtu anayemfahamu, na mtu huyo ametajwa? Nafasi yoyote iliyoachwa wazi ni sababu ya kuomba ijazwe palepale. Kwa mtu asiyejua kusoma, hati inapaswa kueleza kwamba alisomewa na akaelewa kabla ya kuweka dole gumba. Bila hivyo haijulikani kama aliapa maneno yake au ya mwandishi.

Kosa la tarehe hutokea pia kwa mtu mwaminifu. Aliandaliwa hati Jumatano, akaisaini Ijumaa mbele ya wakili, na karatasi ikabaki na Jumatano. Hati hiyo ikisema "kama nilivyoripoti polisi siku ya Alhamisi," inakuwa imeapa juu ya jambo kabla halijatokea. Fuata mpangilio huu: taarifa ya polisi kwanza, kiapo baadaye, na kiapo kitaje namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo.

Majina yasiyolingana

Tumetaja utata wa majina. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hivyo afisa anayepokea ombi anaona tarehe ya kuzaliwa hata kabla hujamtajia, na anaweza kuilinganisha na iliyo katika rekodi ya leseni. Wapo waliopata leseni miaka mingi kabla ya kuwa na kitambulisho hicho, wakaandikishwa kwa majina mawili badala ya matatu, au "Saidi" kwa "Said", au mama aliyetumia jina la mume kwenye leseni na la baba kwenye kitambulisho.

Katika taarifa ya polisi andika majina ya mtoa taarifa kama yalivyo katika kitambulisho, na jina la kwenye leseni kama lilivyokuwa kwenye leseni. Usiyafanye yafanane kwa nguvu. Tofauti ya herufi moja au jina la tatu lililoachwa huelezwa kwa hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Aliyebadili jina kabisa anahitaji hati rasmi ya kubadili jina. Kiapo cha majina kufanana hakiwezi kuibeba kazi hiyo. Na ambaye kitambulisho chake kimepotea katika pochi ileile, kama dereva wetu, anaweza kutumia namba yake ya NIDA iwapo anaikumbuka au ameihifadhi katika simu. Tunashauri ihifadhiwe hivyo, pamoja na namba ya leseni, mahali ambapo si pochi.

Baada ya kadi mpya

Kadi inayotolewa badala ya iliyopotea ni mwendelezo wa leseni ileile. Kwa kawaida haimwongezei dereva muda wala daraja. Anayebakiwa na wiki chache tu kabla leseni haijaisha aulize dirishani kama inamfaa kushughulikia uhuishaji moja kwa moja, asije akalipia kadi ya wiki tatu. Anayepokea kadi alinganishe palepale majina, tarehe na madaraja na yale aliyokuwa nayo; dereva wa gari la abiria akikosa daraja lake kwenye kadi mpya, mwajiri hatamsikiliza akisema lilikuwapo kwenye ya zamani.

Na ya zamani huonekana. Utingo anainua kiti cha Fuso baada ya miezi miwili, na pochi ipo chini, na leseni imo. Dereva hana kosa lolote hadi hapo, alitamka alichokijua. Asiitumie, asiiweke kama akiba ya siku ambayo askari ataishika ile mpya, wala asimpe ndugu anayefanana naye. Aipeleke ofisi ya TRA iliyompa kadi mpya, akiwa na nakala ya taarifa ya upotevu, na aombe uthibitisho wa maandishi kwamba ameirudisha. Kadi ya benki iliyokuwa pochini humo, kama ilikwisha kufungwa, anaweza kuikata mwenyewe kwa mkasi.